Anatapika asubuhi baada ya pombe: Maji gani ampe, na lini akimbizwe hospitali

Ni Jumapili, saa mbili asubuhi, katika nyumba moja ya Chamazi, wilayani Temeke. Kijana wa miaka 20 amerudi saa tisa usiku kutoka kwenye sherehe ya sendofu ya dada wa rafiki yake. Amelala na viatu. Sasa ameinama kwenye beseni, anatapika, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mama yake amesimama mlangoni na kanga begani, hasira na huruma zikigombana. Shangazi ameshasema apelekewe supu ya utumbo yenye pilipili. Jirani, aliyesikia kila kitu kupitia ukuta, anashauri apewe bia moja ya kuzimua.

Mfano huu hautamshangaza mzazi yeyote wa Mbagala, Tandika, Manzese au Bunju. Maneno ya kumkanya kijana yana wakati wake, na wakati huo si sasa. Asubuhi hiyo mama anatakiwa kujua mambo mawili: namna ya kumrudishia maji bila kumfanya atapike zaidi, na dalili zitakazomwambia kwamba hii si hangova ya kawaida.

Kabla ya kikombe cha kwanza

Kosa la kwanza hutokea kabla hata maji hayajachotwa. Mtu hajaamka vizuri, mzazi anamwinua kichwa na kummiminia kinywaji. Mlevi ambaye hajitambui anaweza kupaliwa, maji au matapishi yakaingia kwenye mapafu, na hapo tatizo linakuwa kubwa kuliko pombe yenyewe.

Kwa hiyo mama wa Chamazi anaanza kwa kumwita. "Baba, unanisikia? Leo siku gani?" Kijana anajibu kwa kunung'unika kwamba ni Jumapili. Anamwambia akae, naye anakaa mwenyewe. Anamtazama midomo na kucha, haoni rangi ya kibluu wala kijivu. Anampapasa kichwa akitafuta uvimbe na kumuuliza kama alianguka au alipanda bodaboda. Swali hilo si la upelelezi. Mtu aliyegonga kichwa akiwa amelewa huweza kuamka na maumivu ya kichwa na kutapika, na nyumba nzima ikadhani ni pombe kumbe damu inavuja ndani ya fuvu.

Kama kijana angekuwa haamki hata akitikiswa na kuitwa kwa sauti, hapangekuwa na mjadala wa supu wala maji. Angelazwa ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa ili asigeuke kifudifudi, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke, na gari lingetafutwa hapo hapo. Vivyo hivyo kama anapumua chini ya mara nane kwa dakika, au pumzi inakatika kwa zaidi ya sekunde kumi kabla ya kurudi. Wengi husema "mwacheni alale, pombe itamtoka." Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kulala, kwa hiyo anayekoroma vibaya saa nane usiku anaweza kuwa na hali mbaya zaidi saa tisa.

Kwa nini kichwa kinauma na tumbo linakataa

Pombe huzuia kwa muda homoni inayoziambia figo zibakize maji mwilini. Ndiyo maana mnywaji huenda msalani kila mara, na anachotoa kinazidi alichokunywa. Usiku unapoisha amepungukiwa maji na chumvi. Wakati huohuo pombe imechubua utando wa ndani wa tumbo, na tumbo lililochubuka halipendi kujazwa ghafla. Ini nalo linavunja pombe taratibu, kwa makadirio chupa moja ya bia huchukua saa moja hadi mbili. Hakuna supu, kahawa wala kuoga maji baridi kunakoliharakisha.

Hapo ndipo mgongano unapotokea. Mwili una kiu kali, lakini tumbo haliko tayari. Kijana anakunywa glasi nzima ya maji baridi kwa mkupuo, tumbo linatanuka, anatapika yote pamoja na chumvi kidogo iliyokuwa imebaki. Anakunywa tena, anatapika tena. Baada ya saa moja ya mtindo huo amepungukiwa zaidi kuliko alipoanza.

Kijiko kimoja kwa dakika

Dawa bora ya kazi hii ni ileile ambayo wazazi wengi wanaijua kwa watoto wanaoharisha, maji ya ORS. Sukari kidogo na chumvi kidogo zikikutana kwenye utumbo huvuta maji kuingia mwilini kwa haraka kuliko maji matupu. Kipimo ndicho chenye siri. Pakiti nyingi huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, lakini zipo za nusu lita, hivyo soma maandishi kwanza. Usigawe pakiti ukaweka nusu kwa kukadiria, na usiongeze sukari ili iwe tamu.

Kama duka la dawa bado limefungwa, mchanganyiko wa nyumbani unafaa kwa mtu mzima: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kujaa mlima. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kupimia. Onja kabla ya kumpa. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi huongeza upungufu wa maji badala ya kuuondoa.

Mama wa Chamazi anasubiri dakika kumi baada ya tapiko la mwisho, kisha anaanza na kijiko kimoja cha chai kila dakika. Kinaonekana kidogo mno, na kijana analalamika kwamba anataka glasi. Lakini hesabu yake ni nzuri: kijiko cha chai kina mililita 5, kwa saa moja ni mililita 300, zaidi ya glasi moja iliyokaa tumboni badala ya glasi nne zilizorudi kwenye beseni.

Saa mbili na dakika ishirini anatapika tena. Mama haachi. Anasubiri dakika kumi nyingine, anarudi kwa kijiko kimoja kila dakika mbili, na baada ya nusu saa anarudi kwenye kila dakika moja. Kufika saa nne kijana amebakiza tumboni kama mililita 375. Sasa anaruhusiwa kunywa mwenyewe, mafunda machache kila robo saa. Saa sita mchana lita imeisha. Saa saba anakwenda haja ndogo, mkojo ni wa njano iliyokolea. Saa kumi jioni anakwenda tena, na safari hii rangi imepauka. Mkojo ndio kipimo ambacho kila nyumba inacho, na huo wa pili unamwambia mama kwamba maji yameingia.

Supu, dafu, dawa na kuzimua

Ushauri wa shangazi si mbaya, ila umewahi. Supu ina maji na chumvi, na mwili unavihitaji. Lakini mafuta na pilipili kwenye tumbo lililochubuka saa mbili asubuhi ni kualika tapiko lingine. Ikichujwa, ikawa nyepesi na bila pilipili, inafaa kuanzia pale maji yanapokaa kwa saa moja au mbili. Uji mwepesi, ndizi mbivu au mkate mkavu ni mwanzo mzuri zaidi, kwa sababu sukari kwenye damu hushuka kwa mtu aliyekunywa sana bila kula.

Dafu ni zuri, na Dar es Salaam halikosekani. Lina madini ya potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo liwe nyongeza ya ORS na si mbadala wake. Soda ina sukari nyingi mno na gesi inayotanua tumbo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini inayofanya moyo uende mbio, na moyo wa mtu aliyekaukiwa maji tayari unakwenda mbio.

Bia ya jirani ina matatizo yake. Kuzimua huonekana kusaidia kwa sababu kunaahirisha hangova, deni linasogezwa mbele na riba yake. Na kama baba wa nyumba hutetemeka mikono, hutoka jasho na kutapika kila asubuhi hadi apate kinywaji cha kwanza, hiyo siyo hangova tena. Mwili wake umeshazoea pombe, na kuikatisha ghafla nyumbani kunaweza kumletea degedege. Apelekwe hospitali asaidiwe kuiacha kwa usimamizi.

Kuhusu maumivu ya kichwa, wengi hukimbilia diklofenaki, aspirini au ibuprofeni. Hizi huchubua tumbo ambalo pombe imeshalichubua, na mbili kati yake, diklofenaki na ibuprofeni, huzielemea figo zilizopungukiwa maji. Kama ni lazima, kijana mzima mwenye afya anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 baada ya kutapika kukoma, na asirudie kabla ya saa sita kupita. Anayekunywa kila siku au mwenye ugonjwa wa ini asimeze hata hivyo bila kumuuliza daktari, kwa kuwa parasetamoli na pombe zote zinabebwa na ini lilelile. Mara nyingi kichwa hupungua chenyewe maji yakishaingia.

Tazama rangi ya beseni

Usimwage matapishi kabla ya kuyatazama. Chakula cha jana ni kawaida. Maji ya njano au kijani yenye uchungu ni nyongo, na hutoka tumbo linapokuwa tupu. Yanatisha kwa macho lakini peke yake si ya kukimbizia hospitali.

Damu ni jambo jingine. Kutapika kwa nguvu mara nyingi huweza kupasua utando mahali mrija wa chakula unapoungana na tumbo. Dalili yake ni mtu aliyetapika mara kadhaa kawaida, kisha tapiko linalofuata likaja na damu nyekundu. Mipasuko mingi ya namna hii hufunga yenyewe, lakini nyumbani huwezi kujua upi utafunga na upi utaendelea. Matapishi meusi yenye chembechembe kama kahawa iliyosagwa nayo ni damu, iliyokaa tumboni kwa muda. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami kina maana hiyohiyo. Yote haya ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumatatu.

Maumivu yana ujumbe wake pia. Tumbo kukaza kidogo baada ya kutapika ni misuli iliyochoka. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa kongosho limevimba. Maumivu makali ya kifua yaliyoanza ghafla wakati wa kutapika ni dharura.

Na si kila anayetapika Jumapili asubuhi anatapika pombe. Hangova haileti homa kali. Mwili ukiwa wa moto, kichwa kinauma na mtu anatapika, apimwe malaria hata kama jana alikunywa. Shingo ikikakamaa, ni hospitali haraka. Akiharisha maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele, wazia kipindupindu. Mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 uliwakumba wakazi wa Kinondoni mwanzoni kabisa, kisha ukasambaa. Hapo ORS inaanza kutolewa nyumbani na kuendelea njiani kwenda kituoni.

Saa zinapokwenda kinyume

Jambo la mwisho ndilo lisilojulikana vya kutosha, na linaua. Hangova ina mwelekeo mmoja: huwa mbaya zaidi pombe inapoishia kwenye damu, yaani asubuhi, kisha hupungua kila saa. Kijana wa Chamazi saa nne alikuwa afadhali kuliko saa mbili, na saa kumi afadhali kuliko saa nne.

Sasa mchukue baba wa Bunju aliyekunywa usiku huohuo pombe kali ya bei ndogo, isiyo na nembo, iliyomiminwa kutoka kwenye dumu. Jumapili asubuhi aliamka na uchovu wa kawaida, akanywa chai, akakaa barazani. Saa nane mchana kichefuchefu kikaanza upya ingawa hakuongeza hata tone. Saa kumi anatapika, tumbo linamuuma, anapumua haraka kama aliyekimbia, na anamwambia mkewe kwamba anaona ukungu, kama televisheni isiyoshika chaneli.

Hiyo ni picha ya sumu ya methanoli, pombe ya viwandani ambayo haifai kunywewa. Huongezwa kwenye kinywaji na wafanyabiashara wanaotaka kikolee kwa bei rahisi. Mwanzoni humlevya mtu kama pombe nyingine. Madhara hujitokeza baada ya saa 12 hadi 24, kwa sababu ini linahitaji muda kuigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho na kuharibu damu. Mtu akiwa amechanganya na pombe ya kawaida, ucheleweshaji huwa mrefu zaidi. Kwa hiyo inafika wakati ambao kila mtu ndani ya nyumba ameshaamua kwamba ni hangova.

Jirani zetu wameonja uchungu wake. Novemba 2000, chang'aa iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei 2014 msiba wa aina hiyo ulirudi katika kaunti za Kenya zikiwamo Embu na Kiambu. Nchini Tanzania gongo ni haramu, na pombe kali ya vifuko, maarufu kama viroba, ilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Marufuku haijaondoa madumu mitaani, na hakuna mnywaji anayeweza kutambua methanoli kwa kuonja, kunusa wala kuwasha kibiriti.

Kwa hiyo kanuni ya mke wa Bunju ni fupi. Kutapika kunakoanza upya au kuzidi mchana, macho yenye ukungu au yanayoumizwa na mwanga, pumzi za haraka, kuchanganyikiwa: dalili yoyote kati ya hizo baada ya pombe ni hospitali sasa hivi. Nyumbani hakuna dawa. Maziwa hayasafishi sumu, na mafuta ya kula au kulazimisha kutapika huongeza hatari ya kupaliwa. Hospitalini ipo tiba ya kuzuia ini lisiendelee kutengeneza asidi hiyo, pamoja na mashine ya kusafisha damu, na macho yanayowahishwa yana nafasi ya kuokolewa.

Mlangoni mwa hospitali

Mtu mzima ambaye kila anachokunywa kinarudi kwa zaidi ya saa 24 aende kituo cha afya kilicho karibu hata kama hana dalili nyingine. Asingoje saa hizo kama hajapata haja ndogo kwa saa nane au zaidi, kama anaona kizunguzungu hadi kuanguka anaposimama, kama ni mjamzito, au ana kisukari. Mtoto aliyekunywa pombe, hata kama ni mabaki ya glasi za wageni, hana muda wa kungojea nyumbani, kwa sababu sukari yake hushuka haraka sana na anaweza kupoteza fahamu.

Kwa dalili nzito zilizotajwa, ni afadhali kwenda moja kwa moja hospitali kubwa, kama ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au Mwananyamala. Mgonjwa asiyejitambua asibebwe kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati. Itafutwe bajaji au gari, alale ubavu.

Na mwambieni daktari ukweli: alikunywa nini, kiasi gani, wapi na saa ngapi, alimeza dawa gani, aliokunywa nao wanaendeleaje. Bebeni chupa au chombo chenye mabaki. Aibu ya kutamka neno gongo mbele ya muuguzi imechelewesha tiba ya watu wengi. Kama mmoja wa kundi amepatwa na macho ya ukungu, wapigieni simu wenzake wote waliokunywa kwenye dumu lile, hata wanaosema hawajambo.

Huko Chamazi, saa moja usiku kijana amekula uji na ndizi, amekaa sebuleni kimya. Mama yake anamwekea maji mengine mezani. Maneno aliyokuwa ameyaweka tangu asubuhi sasa anaweza kuyasema, maana aliyekaa mbele yake anasikia.